Wazazi wanataka usalama, watoto wanataka kufika mbali: shule ijielezeje?

*"Mimi ni makamu mkuu wa shule ya sekondari ya binafsi, ya bweni na mchanganyiko, nje kidogo ya mji wa Njombe. Tuna wanafunzi 308, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne. Bodi imenipa kazi ya kuandika simulizi ya shule itakayotumika kwenye bango, kipeperushi na siku ya usaili. Nikiandika ulinzi na nidhamu, watoto wenye malengo wanaona gereza. Binti mmoja alimwambia mama yake mbele yangu, 'Hapa sitaki.' Nikiandika vipaji na ndoto, wazazi wananiuliza kama watoto wanasoma kweli. Mwenyekiti anataka iwe 'Kitovu cha Taaluma na Maadili'. Matokeo yetu ni mazuri kiasi, si ya kutisha. Je, niandike simulizi mbili? (Tuna pia utaratibu wa mwalimu mlezi: kila mwalimu ana wanafunzi 14, wanakaa Jumapili jioni na daftari, na kila mwezi mwalimu anampigia mzazi simu. Hilo ni la ndani tu, sidhani kama linafaa kuandikwa. Nimekuambatanishia ukurasa mmoja, jina nimeliziba.)"*

Mwalimu, asante kwa barua, na asante zaidi kwa kile ulichokiweka kwenye mabano. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu limerudi hapo mwishoni. Simulizi unayoitafuta umeshaiandika, ila umeiandika kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi. Nitairudia hapo chini kwa kirefu.

Simulizi mbili, hapana. Mzazi na mtoto wanapanda basi moja kuja kwenye usaili na wanasoma kipeperushi kimoja. Jioni kipeperushi hicho kinapigwa picha na kutumwa kwenye kundi la Wasapu la familia, na shangazi aliyeko Dar es Salaam, ambaye ndiye anayechangia nusu ya ada, anakisoma neno kwa neno. Mzazi akigundua kwamba mtoto ameahidiwa jambo ambalo yeye hakuambiwa, hatauliza kuhusu jambo hilo tu. Atajiuliza ni yapi mengine aliyofichwa.

Halafu nadhani unaamini kwamba wazazi na watoto wanavuta kamba pande mbili. Nimekaa na wazazi wengi kwenye viti vya plastiki vya siku za usaili, na nimekaa na watoto wao pembeni, bila wazazi. Ukimwacha mzazi aongee mpaka mwisho, hofu yake si geti wala ukuta. Anaogopa kwamba mtoto wake ataanza kupotea Machi, na yeye atajulishwa Novemba. Mtoto mwenye malengo naye haogopi sheria kiasi hicho. Anaogopa kuwa namba. Alikuwa wa kwanza au wa pili darasani huko alikotoka, walimu wote wanamjua, na sasa anakwenda mahali ambapo kuna watu mia tatu na hakuna atakayegundua kwamba anaweza, au kwamba alikuwa anaweza na ameacha. Hofu hizi mbili dawa yake ni moja: mtu mzima mmoja, mwenye jina, anayemfahamu mtoto huyu kila wiki. Shule yako inaye. Inao 22, ukigawanya 308 kwa 14.

Sasa niseme kwa nini maneno ya mwenyekiti hayatakusaidia, maana najua utalazimika kumweleza. Mzazi anayenunua unga anaupika jioni hiyohiyo na kuujua. Mzazi anayenunua elimu analipa kwa awamu kwa miaka minne, na matokeo ya mtihani wa taifa anayaona Januari ya mwaka wa tano. Katikati hapo hana cha kuonja. Kwa hiyo hapimi maneno, kwa sababu maneno hayana gharama: shule nzuri inaweza kuandika "taaluma na maadili", na shule mbovu inaweza kuandika hivyohivyo kwa rangi ileile. Safari ijayo ya kutoka Makambako hadi Njombe, soma mabango ya shule barabarani. Utaona kwamba ukibadilisha majina ya shule, hakuna bango litakalokuwa limesema uongo mpya. Mzazi ameshajifunza kuyaruka maneno hayo, na badala yake anatafuta dalili ndogo ambazo ni ngumu kuzighushi. Anaangalia simu ya ofisi inapokelewa baada ya milio mingapi. Anaomba kwenda chooni. Anamsikiliza mwanafunzi wa Kidato cha Pili anavyomwelekeza mgeni. Na binti yule aliyesema "hapa sitaki", sidhani kama alikuwa anajibu kipeperushi. Kuna kitu alikiona uwanjani kwenu. Ningependa ujue ni kitu gani, na njia pekee ni kumpigia mama yake na kuuliza kwa upole.

Neno moja zaidi kuhusu maneno, kwa sababu lina madhara. Unapoandika "nidhamu", mzazi anasoma: mwanangu hatavuta bangi. Mtoto anasoma: viboko. Kanuni za nchi yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vinavyotolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na lazima viandikwe kwenye kitabu. Shule nyingi hazielezi zinafanya nini, zinaacha neno "nidhamu" lifanye kazi gizani. Wewe sema. Kama hamchapi, andika kwamba hamchapi na mnafanya nini badala yake mwanafunzi anapotoroka prepo. Kama mnachapa kwa mujibu wa kanuni, mzazi anayekuuliza ana haki ya kujibiwa hivyo. Sentensi moja ya wazi hapa inaondoa hofu ya mtoto na ya mzazi kwa pamoja.

Matokeo sasa. Unasema si ya kutisha, na nahisi unayaonea aibu. Usiyafiche, na usiyapambe. Tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora, kwa hiyo shule nyingi zimehamia kwenye kauli kama "daraja la kwanza 90%". Mzazi makini anajua kwamba daraja la kwanza linaanzia pointi 7 na kuishia 17, katika masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mtoto mwenye A saba ana pointi 7. Mtoto mwenye B nne na C tatu ana 17. Wote ni daraja la kwanza, lakini milango inayowafungukia Kidato cha Tano si ileile.

Kuna hesabu nyingine ambayo wazazi wameanza kuifanya, na nakuomba uifanye kabla yao. Fungua tovuti ya Baraza, hesabu watahiniwa wa shule yako katika upimaji wa Kidato cha Pili wa mwaka fulani, kisha hesabu waliofanya mtihani wa Kidato cha Nne miaka miwili baadaye. Tuseme walikuwa 80 wakabaki 55. Mzazi atauliza wale 25 walikwenda wapi. Wengine walihama kwa sababu ya ada au uhamisho wa mzazi kikazi, sawa. Lakini katika shule zinazochuja watoto wasiofikia wastani wa ndani, jambo ambalo wizara imelikemea zaidi ya mara moja, pengo hilo ndilo siri ya bango. Shule yako ikiwa na 80 waliobaki 76, hiyo ni habari kubwa kuliko asilimia yoyote ya daraja la kwanza, na inasema na pande zote mbili kwa sauti moja: mzazi anaelewa kwamba mtoto wake hatatupwa, na mtoto anaelewa kwamba anaweza kujaribu somo gumu bila kuogopa kufukuzwa kwa sababu ya jaribio moja. Kama pengo lenu ni kubwa, usiandike simulizi yoyote ya malezi mpaka bodi ikae na kueleza watoto hao walikwenda wapi.

Tufike kwenye ukurasa ulionitumia. Ni daftari la mistari la kawaida, lile la kurasa 80, kona imekunjika na imeingia alama ya mafuta, pengine ya maandazi ya Jumapili. Tarehe iko juu kushoto. Mwanafunzi ameandika kwa kalamu ya bluu: "Wiki hii nitasimama kwenye mdahalo wa Kiingereza hata kama nitakosea." Neno "hata" amelipigia mstari. Chini yake, kwa wino mwekundu, na kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa na haraka: "Umesimama. Ulikosea mara mbili, ukaendelea. Wiki ijayo usishike karatasi." Halafu pembeni, kwa penseli, mwalimu amejiandikia mwenyewe: "Mama – simu 14."

Mwalimu, sijaona tangazo la shule lililonifikia kama ukurasa huo. Mzazi akiuona anaona vitu vitatu bila kuambiwa: kuna mwalimu aliyekuwepo ukumbini, anajua mtoto alikosea mara ngapi, na atampigia mama. Mtoto mwenye malengo akiuona anaona kwamba hapa watu wanajipangia kitu kigumu, wanakosea mbele za watu, na wiki inayofuata wanaongezewa ugumu. Ulinzi na malengo vimekaa kwenye mistari mitatu, na hakuna aliyelazimika kutumia neno "ulinzi" wala neno "ndoto". Hapo ndipo utaratibu wenyewe unapofanya kazi: mtoto anathubutu kwa sababu anajua kuna mtu anayemwangalia, na mzazi anatulia kwa sababu huyo anayemwangalia hamfungii, anamsogeza.

Lakini usikimbilie kwa mchapaji. Simulizi ya shule ni ahadi, na ahadi hii inategemea watu 22 wafanye jambo fulani kila Jumapili na kila mwezi, wakiwa wamechoka. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia shule moja, ambayo sitaitaja, kuandika juu ya utaratibu wa aina hii. Mkuu wa shule aliniambia kwa moyo mweupe kwamba walimu wote wanaufanya. Nilimwamini, tukachapisha. Siku ya kwanza ya wazazi kutembelea, baba mmoja alisimama na kuuliza mlezi wa mwanawe ni nani, kwa sababu hajawahi kupigiwa simu. Wakanyanyuka wengine. Kosa lilikuwa langu: niliuliza ofisini peke yake.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuandika mstari mmoja. Chukua rejesta, chagua majina 20 kwa kuruka idadi ileile, mfano kila la 15, ili usichague unaowapenda. Wapigie wazazi wao wewe mwenyewe na uwaulize maswali mawili tu: "Mara ya mwisho mlezi wa mtoto alikupigia lini? Mliongea nini?" Usitaje utaratibu, usiwakumbushe. Swali la pili ndilo lenye uzito. Mzazi akisema "tuliongelea ada," hiyo si simu ya mlezi, ni simu ya mhasibu kwa mdomo wa mlezi. Wakati huohuo omba madaftari ya wanafunzi 20 wengine na uangalie kama wino mwekundu upo kwa wiki nne zilizopita. Kipimo changu, ambacho ni cha uzoefu tu, ni wazazi 16 kati ya 20. Ukipata hao, andika. Ukipata 11, una miezi ya kurekebisha kabla ya msimu wa usaili, na kwa kawaida tatizo ni dogo kuliko linavyoonekana: walimu hawana muda wa maongezi, au mwalimu mmoja amehama na wanafunzi wake 14 wamebaki yatima. Ukipata wanne, utaratibu haupo tena. Mlikuwa nao zamani.

Tuseme umepata 17. Haya ndiyo maneno ningeanza nayo, na uyavunje upendavyo:

*"Kila Jumapili saa kumi na moja jioni, wanafunzi wetu 308 wanakaa katika makundi 22, kila kundi na mwalimu wake. Kila mwanafunzi anaandika jambo moja gumu atakalojaribu wiki hiyo. Mwalimu anasoma, anafuatilia, na wiki inayofuata anajibu. Mara moja kwa mwezi anampigia mzazi na kumweleza mtoto amejaribu nini, wapi ameweza na wapi bado. Mtoto akianza kurudi nyuma, tunajua ndani ya wiki, na wewe unajua ndani ya mwezi. Akianza kukimbia, tunajua pia, na tunampa kilima kirefu zaidi."*

Angalia kisichokuwepo. Hakuna "bora", hakuna "kimataifa", hakuna historia ya mwanzilishi. Kila sentensi mzazi anaweza kuihakiki kwa kumuuliza mwanafunzi yeyote atakayekutana naye kwenye njia ya bwalo. Hicho ndicho kipimo cha sentensi ya kubaki na ya kutoka. Saa nimeibuni mimi, weka ya kwenu.

Usalama wenyewe, ule wa mwili, usiuingize kwenye simulizi, lakini uwe na majibu yake kwenye karatasi moja. Wazazi wanaouliza kuhusu mabweni hawana wasiwasi wa bure. Wapo waliokuwa watoto mwaka 1994 wasichana wapatao 40 walipoungua bwenini Shauritanga, Rombo, na wote wanakumbuka Septemba 2020, Kyerwa mkoani Kagera, ambako wanafunzi wasiopungua 10 wa shule ya msingi walikufa kwa moto usiku. Mzazi wa namna hii usimjibu kwamba "usalama ni kipaumbele chetu". Mpeleke bwenini. Muonyeshe kwamba milango ni miwili na inafunguka kwa nje, kwamba usiku haifungwi kwa kufuli, kwamba madirisha hayana nondo za kudumu, kwamba matroni analala palepale, na mwambie tarehe ya zoezi la mwisho la kutoka bwenini gizani na lilichukua dakika ngapi. Kama kuna nondo, mchomeleaji aje kabla ya mchapaji.

Sasa simulizi iishi wapi? Bango ndilo la mwisho kwa umuhimu, ingawa bodi zote huanza nalo. Mahali pa kwanza ni fomu ya kujiunga, ambayo naamini hakuna aliyewahi kuiita tangazo. Huo ndio waraka wa kwanza ambao mtoto anausoma mwenyewe, kitandani, usiku, akijaribu kukisia maisha yake yatakavyokuwa. Anakuta nini? Ndoo mbili, jembe na mpini wake, fagio la chelewa, chandarua, rimu ya karatasi, kisha ukurasa mzima wa "ni marufuku". Chukua ya kwenu uhesabu marufuku ziko ngapi, na sentensi zinazomweleza mtoto atafanya nini ziko ngapi. Nilizozisoma mimi, za kwanza huwa nyingi, za pili mara nyingine hakuna kabisa. Usiondoe sheria. Ongeza nusu ukurasa mwanzoni, aliouandika mwanafunzi wa Kidato cha Pili kwa mkono wake, akieleza Jumapili yake ya kwanza na mlezi wake. Na kwenye orodha ya vitu, baada ya ndoo, andika: "Daftari moja la kurasa 80, la Jumapili." Atalinunua na mama yake sokoni na watauliziana la nini.

Mahali pa pili ni siku ya usaili. Wakati watoto wako kwenye mtihani, wazazi wanakaa saa mbili wakiangalia simu. Wape wanafunzi wa Kidato cha Pili na cha Tatu wawatembeze, bila mwalimu kufuata nyuma. Najua inatisha. Mwanafunzi mmoja atasema maharage yana wadudu. Mzazi atalisamehe hilo, na atawaamini kwa mengine yote, kwa sababu ameona kwamba watoto wenu wanaruhusiwa kusema. Baada ya mtihani, mtoto mgeni akae dakika kumi na mwalimu ambaye ndiye angekuwa mlezi wake, aulizwe swali lilelile la Jumapili: jambo gani gumu ungependa kujaribu? Akirudi kwenye basi, hatamwambia baba yake kuhusu majengo.

Mahali pa tatu ni simu ya ofisi. Karani anayepokea anapaswa kujua jibu la swali "mnamlea vipi mtoto?" kwa maneno yake mwenyewe. Mkalishe kwenye kikao kimoja cha Jumapili, asikie. Akishaona kwa macho yake hatahitaji karatasi ya kumkumbusha.

Kuhusu kuutumia ukurasa ulionitumia: subiri. Jina umeliziba, lakini mwandiko ni wa mtoto halisi na wenzake wataujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka ridhaa, na kwa mtoto ridhaa hiyo hutolewa na mzazi au mlezi. Wenzetu Kenya, Septemba 2023, kamishna wa ulinzi wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kusambaza picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Lakini hata sheria isingekuwepo, mtoto aliandika pale kwa sababu aliamini anayesoma ni mwalimu wake. Muombe yeye kwanza, faragha, na asionekane mbaya akikataa. Kisha mzazi, kwa maandishi, kwa matumizi yanayotajwa: kipeperushi, mwaka huu, si milele. Njia rahisi zaidi ni kumwomba mhitimu aliyemaliza Kidato cha Nne na ametimiza miaka 18 atoe ukurasa wake wa zamani. Msipige chapa madaftari ya wanaosoma sasa kila mwaka, maana wataanza kuandika kwa ajili ya kipeperushi na utaratibu wenyewe utakufa.

Nikupe gharama zake bila kuficha. Kwa simulizi hii mtawakosa wazazi wa aina fulani, wale wanaotaka kuambiwa "pointi 7" na hakuna kingine. Watakwenda kwingine, na wana haki. Mtawakosa pia wanaotaka mtoto akabidhiwe Januari na kurudishwa Desemba amenyooka, kwa sababu ninyi mtawapigia simu kila mwezi na wao hawataki kusumbuliwa. Na haitaongeza wanafunzi mwaka huu. Kinachoongezeka kwanza ni wale wanaobaki. Kwa hiyo usihesabu waliokuja kwenye usaili peke yao. Hesabu waliofaulu usaili wakaripoti Januari kweli, na waliorudi Kidato cha Pili. Siku ya usaili muulize kila mzazi, "Umesikia nini kuhusu sisi?" na uandike maneno yake kama alivyoyasema. Mwaka kesho fanya tena. Siku wazazi watatu wasiojuana watakapokwambia "nasikia walimu wenu wanapiga simu", ujue simulizi imeanza kutembea bila ninyi.

Mwenyekiti usimpinge kikaoni. Mpeleke akae kwenye kundi moja la Jumapili kwa nusu saa, nyuma, bila kutambulishwa kwa mbwembwe. Nimewaona wenyeviti wawili wakitoka kwenye chumba kama hicho na kuacha kauli mbiu zao mlangoni.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Kama katika zile simu 20, au ndani ya daftari, kutajitokeza dalili kwamba mtoto anadhuriwa na mwalimu, mwanafunzi mwenzake au mtu wa nyumbani, simamisha kazi hii yote siku hiyohiyo. Usiitishe kikao cha bodi kwanza. Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba 116 ya huduma ya simu kwa watoto inapigwa bure na inaweza kukuelekeza. Walimu wako 22 pia wafundishwe ana kwa ana nini cha kufanya mtoto anapoandika jambo zito, kwa sababu daftari kama hili siku moja litaletewa jambo zito. Kwa mabweni, waalike Zimamoto wa mkoa waje wakague na wakupe maoni yao kwa maandishi. Fomu za ridhaa aziangalie wakili. Na ukikuta walimu wenyewe wanauona utaratibu huu kama mzigo waliobebeshwa, tafuta mtu wa kuja kukaa nao siku mbili, asiyekuwa bosi wao, awasikilize kabla hamjawaweka kwenye kipeperushi.

Bango likiwa lazima litoke mwezi huu, litoke. Weka jina la shule, kwamba ni ya bweni na mchanganyiko, Kidato cha Kwanza hadi cha Nne, umbali kutoka stendi ya Njombe, na namba ya simu inayopokelewa hata Jumamosi. Nafasi ya kauli mbiu iache wazi mpaka utakapomaliza zile simu 20, kisha niandikie umepata wangapi.